Rafu za wazi au kabati la milango? Visahani 12 ndivyo vilivyoamua

Chupa ya glasi ilikuwa mwisho wa rafu, pale ambapo mkono haufiki mara kwa mara. Nilipoinyanyua haikuja. Ilinibidi niizungushe kidogo kama mtu anayefungua kifuniko, ikaachia kwa mlio mdogo, na chini yake pakabaki duara safi, limezungukwa na kitu cha rangi ya kahawia chenye nywelenywele kama manyoya. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Fundi, hiyo niliifuta mwezi uliopita."

Mimi ni seremala, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni makabati ya jikoni. Mama huyu aliniita nibomoe rafu mbili za zamani na kuweka mpya, nazo ziwe za wazi, ndefu, ukuta mzima. Mumewe alitaka kabati la milango kutoka sakafuni hadi darini. Walikuwa wamebishana wiki kadhaa kabla sijafika, na kila mmoja alikuwa na hoja nzuri. Mama alisema kufungua mlango kwa mkono wenye mafuta kila unapotaka sahani ni adha, na kabati kubwa hukibana chumba. Mume alionyesha ile chupa.

Chumba chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 3 na upana wa mita 2.4. Jiko la gesi lilikuwa katikati ya ukuta mrefu, bila feni ya kuvuta moshi juu yake. Dirisha moja lilikuwa ukuta mfupi, linaangalia barabara isiyo na lami, na mlango ulikuwa upande wa pili, kwa hiyo upepo ulipita chumba chote. Wanakaanga karibu kila siku. Vumbi linaingia dirishani, mafuta yanapanda kutoka kwenye kikaango, na viwili hivyo vinakutana kwenye vyombo.

Kukutana huko ndiko kiini cha kisa chote. Vumbi peke yake si tatizo kubwa jikoni. Ukipitisha kitambaa kikavu linaondoka. Mafuta mabichi peke yake nayo hutoka kwa maji ya moto na sabuni bila ubishi. Lakini mafuta yakishatua juu ya chombo kama utando mwembamba, hewa huanza kuyabadilisha. Yanakuwa mazito, yananata, halafu baada ya wiki nyingi yanakauka na kuwa kama vanishi. Mafuta ya mbegu, kama ya alizeti au soya, hufanya hivyo upesi zaidi kuliko ya nazi au ya mawese. Katika kile kipindi cha kunata, kila chembe ya vumbi inayopita inashikwa na kubaki. Ndiyo maana uchafu wa rafu ya jikoni haufanani na wa rafu ya sebuleni hata kama dirisha ni lilelile.

Kwa hiyo nilikataa kujibu swali kama walivyoliuliza. "Wazi au milango" ni swali la picha. Swali la jikoni lina namba mbili. Ya kwanza: mahali fulani ukutani, chombo safi kinachukua siku ngapi kabla hakijaanza kunata? Ya pili: chombo hicho hukaa siku ngapi bila kutumiwa na kuoshwa? Ikiwa kinaoshwa kabla hakijanata, rafu ya wazi haina hasara kwake. Ikiwa kinanata kabla hakijaoshwa, basi kila unapokihitaji utakiosha mara mbili, mara moja kabla na mara moja baada.

Namba zote mbili zinapimika kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba.

Kwa namba ya kwanza nilimwomba visahani 12 vyeupe vinavyofanana, vioshwe kwa maji ya moto na vikauke kabisa. Tukachagua sehemu sita, kila moja visahani viwili, vimetazama juu. Sehemu ya kwanza ilikuwa sentimita 60 kando ya jiko, usawa wa macho. Ya pili ilikuwa juu ya jiko, karibu na dari, kwenye kibao nilichokigongomea kwa muda. Ya tatu ukuta wa mkabala, mita 1.9 kutoka kwenye jiko lenyewe, urefu wa mita 1.4 kutoka sakafuni. Ya nne kizingiti cha dirisha. Ya tano ndani ya kabati dogo la zamani lenye milango miwili. Ya sita juu ya kabati hilohilo, ule mgongo wake usioonekana. Nikawaambia wapike kama kawaida, wasipunguze kukaanga kwa sababu fundi anapima. Kisahani kimoja cha kila sehemu nikikague siku ya 4, cha pili siku ya 14.

Kukagua kwenyewe kunahitaji kipimo, maana "kichafu kidogo" na "kichafu sana" ni maneno ya ugomvi. Nilitumia kitambaa cheupe cha pamba na hatua nne. Uchafu ukitoka kwa kitambaa kikavu, ni vumbi tu. Ukihitaji kitambaa chenye maji matupu, mafuta yameanza lakini bado ni laini. Ukihitaji sabuni, umeshaanza kunata. Ukihitaji sabuni na kusugua, umekomaa. Mpaka ninaoujali ni kati ya hatua ya pili na ya tatu, kwa sababu hapo ndipo mama hawezi tena kupangusa akaendelea na mapishi.

Siku ya 4, kisahani cha kando ya jiko kilikuwa kimefika hatua ya tatu. Hilo lilitarajiwa. Matone makubwa yanayoruka kutoka kwenye kikaango hayaendi mbali, mengi hutua ndani ya mita moja, na ukiangalia kwa kuinamisha kisahani kwenye mwanga unaona vidoa vya duara vyenye ukingo. Kile cha karibu na dari kilionekana safi kabisa, na mume akasema, "Basi huku juu kunafaa." Nilimwambia asubiri.

Siku ya 14 cha karibu na dari kilikuwa hatua ya nne. Hakikuwa na vidoa hata kimoja. Kilikuwa na utando sawasawa, wa manjano hafifu, uliokifunika chote kama pumzi kwenye kioo. Hayo ndiyo mafuta yasiyoonekana: yale madogo mno kuanguka, yanayopanda na hewa ya moto hadi darini, yakaenea, yakapoa na kutua. Watu hudhani kadiri rafu inavyokuwa juu ndivyo inavyokuwa mbali na mafuta. Kinyume chake, hewa ya kikaango inakwenda juu kwanza, ndipo inasambaa pembeni. Mgongo wa kabati ulithibitisha jambo hilo. Kisahani cha pale kilikuwa kibaya kuliko vyote 12, kwa sababu kilipata ule utando wa darini na vumbi lote lililotua bila kuguswa na mtu. Kidole changu kiliacha alama ndani yake kama kwenye rangi ambayo haijakauka.

Kizingiti cha dirisha kilinishangaza hata mimi. Kilikuwa na vumbi jingi kuliko sehemu yoyote, jekundu, unaweza kuandika jina lako, lakini hadi siku ya 14 lilitoka lote kwa kitambaa kikavu. Upepo wa nyumba ile unaingia dirishani na kutokea mlangoni, kwa hiyo moshi wa kikaango unasukumwa mbali na dirisha. Vumbi bila mafuta. Ningekuwa katika nyumba ambayo upepo unatoka mlangoni kwenda dirishani, matokeo yangegeuka, na kizingiti kingekuwa kinanata.

Ndani ya kabati, kisahani cha siku ya 14 kilihitaji kitambaa kikavu tu, isipokuwa mstari mwembamba wa vumbi upande mmoja. Nilipokirudisha mahali pake niliona mstari ule unalingana na nafasi kati ya milango miwili, kama milimita 3. Kabati halizuii vumbi lote. Linalilazimisha lipite kwenye ufa, na unaweza kujua ufa uko wapi kwa kusoma mstari.

Ukuta wa mkabala ulibaki na utata. Siku ya 4 ilikuwa hatua ya kwanza, siku ya 14 ilikuwa hatua ya tatu. Pengo hilo lilikuwa kubwa mno kuliamulia, kwa hiyo tulirudia pale peke yake kwa kisahani kingine na tukakikagua siku ya 8. Maji matupu yalitosha. Nikaandika kwenye daftari: ukuta wa mkabala, takriban siku 10. Kando ya jiko, chini ya siku 4. Si namba za kupeleka maabara, lakini zinatosha kumwambia mtu wapi aweke sahani zake.

Wakati visahani vinangoja, tulikuwa tunapima namba ya pili. Njia hii nilijifunza kwa mteja mwingine na sijapata iliyo bora. Mama alikata vipande vidogo vya karatasi ya gundi, ile ya mafundi rangi isiyoacha alama, akabandika kimoja chini ya kila chombo: kila sahani, kila bakuli, kila kikombe, jagi, chujio, vyote 71. Chombo kikitumika na kuoshwa, karatasi inaondolewa. Hakuna kingine cha kufanya. Baada ya siku 14 unageuza vyombo na kuhesabu.

Vyombo 26 vilipoteza karatasi ndani ya siku tatu za kwanza. Tulijua kwa sababu alikuwa anakusanya vipande kwenye kikombe na kuvihesabu kila jioni. Vingine 14 vilipoteza karatasi baadaye, kimoja kimoja. Na vyombo 31 vilikuwa bado na karatasi zake siku ya mwisho. Mama alikaa kimya kidogo akiviangalia. Kati ya hivyo 31 vilikuwamo vikombe vizuri sana ambavyo, katika mchoro wake, vilipangwa kukaa mstari wa mbele wa rafu ya juu.

Kulikuwa na jambo dogo ndani ya hesabu hiyo ambalo linafaa kusemwa. Sahani za kawaida zilikuwa 10, zimepangwa juu ya nyingine. Tano za juu zilipoteza karatasi siku ya kwanza. Tano za chini hazikuguswa kamwe, kwa sababu sahani iliyooshwa inarudishwa juu na ndiyo inayochukuliwa tena kesho. Mtu angesema sahani zote zinatumika kila siku, kumbe nusu yake ni mapambo. Kwa bahati, sahani zilizobebana huzibana uso zenyewe kwa zenyewe, zikabaki ukingo tu uko wazi. Lakini dawa ni rahisi: iliyooshwa iingie chini ya rundo. Bakuli na vikombe havina bahati hiyo, vinapaswa kuinamishwa mdomo chini, na hapo rafu lenyewe liwe safi, la sivyo mdomo ndio unaonata.

Hapo ndipo tulipopiga hesabu ya kazi. Mpango wa mama wa awali ulikuwa rafu tatu za wazi kwenye ukuta wa jiko na wa mkabala, vyombo vyote nje. Kama anataka visinate, angelazimika kuvishusha, kuviosha na kupangusa mbao kila siku 10, hata tukisahau kwamba kando ya jiko ni chini ya siku 4. Tulijaribu siku moja kwa saa: dakika 40. Kwa mwaka ni mara 36, yaani saa 24. Mpango wa mume, milango kila mahali, unadai kupangusa nyuso za milango 8 kila wiki, maana milango nayo inapata mafuta, watu husahau hilo. Dakika 12 kwa wiki ni kama saa 10 na nusu kwa mwaka. Mume alitabasamu. Nikamwambia asishangilie mapema, kwa sababu kuna mpango wa tatu: vyombo 26 vya kila siku vikae wazi kwenye ukuta wa mkabala, vingine vyote ndani, na milango ibaki 6. Vyombo vile 26 haviongezi kazi yoyote kwani vinaoshwa hata hivyo. Kinachobaki ni kupangusa ubao mmoja na milango sita, dakika 13 kwa wiki, saa 11 na kidogo kwa mwaka. Karibu sawa na mpango wa mume, na mama anapata sahani yake bila kushika mpini kwa mkono wa mafuta.

Vile vyombo 14 vya katikati ndivyo vilivyoleta mjadala. Vingine vilitumika siku ya 5, vingine siku ya 12. Nilishauri viingie ndani vyote. Chombo kinachokaribia mpaka kitauvuka wiki ambayo mama anaumwa au amesafiri.

Hiki ndicho tulichojenga. Juu ya jiko hatukuweka kitu, ni vigae hadi darini. Kando ya jiko, hadi kama mita moja kila upande, hakuna kabati la juu wala rafu. Chini kuna makabati yenye milango ya uso ulionyooka. Nasisitiza uso ulionyooka. Milango yenye fremu na michoro hupendeza siku ya kwanza, lakini ile mifereji hukusanya mafuta kwenye pembe ambako kitambaa hakiingii, na baada ya mwaka utakuwa unachokoa kwa kijiti. Tulitumia mbao zenye ngozi ya fomaika inayong'aa kiasi, na kingo zote nne zikazibwa, hata ule wa chini ambao mafundi wengi huuacha kwa sababu hauonekani. Mvuke huingia kwenye ukingo ulio wazi, ubao unavimba, mlango haukai sawa, na ufa wa milimita 3 unakuwa wa 6.

Kabati la juu liliwekwa mwisho wa ukuta, karibu na mlango, na lilikwenda hadi darini. Dari haikuwa sawa, pakabaki nafasi ya sentimita 4 upande mmoja na 6 upande mwingine, nikaiziba kwa ubao uliokatwa kufuata mteremko. Nafasi ile ndogo ingekuwa mgongo wa kabati kama ule wa kisahani cha sita, tofauti yake ni kwamba mkono usingeingia kusafisha. Ambaye kabati lake haliwezi kufika darini atandike karatasi juu yake na kuitupa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwenye mkutano wa milango miwili nilibandika kamba ya sponji nyembamba yenye gundi, upande wa ndani, ili mlango ukifungwa uikandamize.

Rafu ya wazi ikawa moja tu: urefu sentimita 110, upana 22, ukuta wa mkabala. Upana huo nilibishana nao mwenyewe. Sahani kubwa inataka 28 hadi 30. Lakini rafu pana inaruhusu safu mbili, na safu ya nyuma ndiyo inayogeuka kuwa ile chupa ya glasi. Kwa 22, sahani zao za sentimita 24 zinatokeza kidogo mbele, haziwezi kuanguka, na hakuna nafasi ya kitu kujificha nyuma. Ubao ulipigwa vanishi tabaka tatu pande zote, na ukuta nyuma yake ukapakwa rangi ya mafuta badala ya rangi ya maji. Rangi ya maji isiyong'aa hunywa mafuta; ukiisugua kwa sabuni inatoka yenyewe kabla ya doa. Kuna aliyependekeza rafu ya waya kwa kuwa vumbi hupita. Vumbi hupita kweli, lakini kila waya una mzunguko mzima wa kunata, na kuosha waya 30 moja moja si kazi ya kumpa mtu unayempenda.

Nilirudi baada ya miezi mitatu, na nikakuta kosa, nalo lilikuwa langu. Nilihofia unyevu ndani ya kabati la juu, kwa hiyo nilitoboa matundu manne ya milimita 20 kwenye ubavu wake, juu kabisa, ili lipumue. Ubavu ule unatazama jiko. Nilikuwa nimewafundisha wenyewe kwamba hewa ya mafuta hupita juu karibu na dari, kisha nikaifungulia mlango. Vikombe vya rafu ya juu, vile vizuri, vilikuwa na utando hatua ya tatu upande mmoja tu, upande wa matundu. Niliyaziba siku hiyohiyo. Unyevu tuliushughulikia kwa njia nyingine: vyombo viingie vikiwa vikavu kabisa, na milango iachwe wazi kama nusu saa asubuhi, kabla ya jiko kuwashwa. Unyevu ukibaki ndani, harufu ya uvundo ndiyo inayotangulia, halafu mende, ambao wanapenda giza, joto na mabaki ya mafuta, vyote vitatu vikiwa ndani ya kabati lililosahaulika.

Vikombe vile tulivisafisha palepale. Tuliviloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo kwa dakika 15, na sehemu kubwa ilitoka kwa kitambaa. Ile chupa ya mwanzoni ilikuwa ngumu zaidi, mafuta yake yalishakauka. Hiyo niliipaka mafuta mapya ya kupikia kwanza, nikaiacha kama nusu saa, kwa sababu mafuta mapya hulainisha ya zamani. Kisha soda ya kuokea iliyochanganywa na maji kidogo ikawa uji mzito, nikaisugua nayo, ndipo sabuni. Kwa glasi na kauri ni salama. Kwa sufuria za alumini nisingetumia soda, huzifanya ziwe na weusi.

Mwezi wa tano mama alinipigia simu. "Fundi, rafu yako imeanza kunata." Nilipofika nilihesabu vyombo kwenye rafu ya wazi: 34. Kulikuwa na jagi la wageni, chombo cha maua, na mikebe miwili ya viungo. Hakuna aliyeamua kuviweka, vilihamia tu, kama vitu vinavyofanya kwenye kila sehemu tupu iliyo usawa wa mkono. Vile 26 vilikuwa safi. Jagi ndilo lililokuwa linanata. Viungo navyo havikufaa kukaa wazi hata bila mafuta, mwanga huvipunguzia harufu. Tulibandika tena karatasi za gundi kwa wiki mbili, kwenye rafu ile peke yake, na vyombo vilivyobaki na karatasi vikarudi ndani. Sasa anafanya hivyo mwenyewe kila baada ya miezi kadhaa.

Ilipotimu mwaka waliweka feni ya kuvuta moshi juu ya jiko, ile yenye bomba linalotoka nje, yenye vichujio vya chuma vinavyotolewa. Inataka vichujio vyake vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila wiki tatu au nne, vikiziba inanguruma tu na mafuta yanadondoka yenyewe. Mume, ambaye sasa ndiye mpenzi wa rafu, aliuliza kama tunaweza kuongeza ya pili juu ya ile ya kwanza. Mama akatoa visahani vyake bila kuulizwa. Ukuta wa mkabala, siku ya 14, kitambaa chenye maji matupu kilitosha. Zile siku 10 zilikuwa zimerefuka kupita kipimo chetu. Kando ya jiko hapakubadilika sana, matone makubwa hayaisubiri feni. Kisha wakahesabu vyombo ambavyo vingehamia kwenye rafu ya pili. Vile 31 bado vilikuwa na karatasi zake baada ya wiki mbili, na baada ya nne vilikuwa nazo 27. Rafu ya pili haikujengwa.